Fedha Taslimu au Malimbikizo: Jinsi ya Kufunga Hesabu za Mwezi za Duka kwa Njia Zote Mbili

Wenye maduka wengi hukwama mahali pamoja. Daftari linaonyesha fedha zilizoingia ni nyingi kuliko zilizotoka, mwenye duka anaamini amepata faida, anatumia sehemu yake, kisha wiki mbili baadaye anashindwa kumlipa muuzaji wa jumla. Mwingine yuko upande wa pili: ameuza vizuri mwezi mzima, lakini droo haina kitu na anadhani ameibiwa. Wote wawili wanaweza kuwa wamejumlisha sawasawa. Kosa lao ni kuchukua jibu la swali moja wakalitumia kwa swali lingine.

Kuna maswali mawili. La kwanza: fedha kiasi gani zimeingia na kutoka? Hilo hujibiwa na hesabu za msingi wa fedha taslimu, ambazo huandika kitu siku fedha inapopita mkononi, benki au kwenye simu. La pili: biashara ya mwezi huu imeleta faida gani? Hilo hujibiwa na msingi wa malimbikizo, ambao huandika mauzo siku mteja anapochukua bidhaa, na huandika gharama katika mwezi ulionufaika nayo, hata kama fedha imelipwa kabla au italipwa baadaye.

Huhitaji kuweka vitabu viwili. Unaandika daftari la fedha kila siku kama kawaida, kisha jioni ya siku ya mwisho ya mwezi unatengeneza orodha chache na kugeuza jibu la kwanza kuwa la pili. Kazi hiyo ndiyo tunayoifanya hapa, hatua kwa hatua, kwa duka moja la mfano na mwezi wa Juni. Namba nimeziacha bila jina la fedha. Zisome kwa fedha yako.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari la fedha la mwezi mzima, lenye upande wa kuingia na wa kutoka.
- Daftari la madeni, kurasa za wateja unaowadai zikiwa mbali na za wauzaji wanaokudai.
- Ankara na hati za kupokea mzigo, pamoja na za siku tatu nne za mwanzo wa mwezi unaofuata.
- Karatasi za kuhesabia stoku, na bei ya kununulia ya kila bidhaa.
- Orodha kama hizi za mwisho wa mwezi uliopita. Kama hujawahi kuzitengeneza, mwezi huu zitengeneze tu na uzihifadhi. Hesabu kamili ya malimbikizo itaanza mwezi ujao, kwa sababu bila mwanzo huwezi kujua kilichobadilika.

## Hatua ya 1: Funga daftari la fedha

Jumlisha vilivyoingia na vilivyotoka, kisha hesabu fedha iliyopo kweli. Duka letu lilianza Juni na 3,000.

| Zilizoingia | |
|---|---|
| Mauzo ya fedha mkononi | 7,400 |
| Wateja waliolipa madeni ya Mei | 900 |
| Arbuni ya mteja, bidhaa atapewa Julai | 300 |
| Jumla | 8,600 |

| Zilizotoka | |
|---|---|
| Bidhaa zilizonunuliwa kwa fedha mkononi | 2,500 |
| Malipo ya mali kauli ya Mei | 1,600 |
| Kodi ya pango, Juni hadi Agosti | 1,800 |
| Mshahara wa msaidizi | 700 |
| Umeme wa Mei | 150 |
| Jumla | 6,750 |

Ziada ya fedha ni 8,600 kutoa 6,750, yaani 1,850. Mwenye duka pia alichukua 500 kwa matumizi ya nyumbani. Hizo ziandike peke yake. Fedha anayochukua mwenye duka haiwi gharama ya duka katika njia yoyote kati ya hizi mbili, na ukiichanganya na kodi au umeme hutajua tena kama ni duka linalokula au ni wewe.

Hali ni hiyohiyo kwa mkopo. Fedha uliyokopa ikiingia si mapato, na ukirejesha mkopo wenyewe si gharama. Riba pekee ndiyo gharama.

Utajua umefaulu: 3,000 jumlisha 8,600, toa 6,750, toa 500, ni 4,350. Fedha iliyo kwenye droo, benki na simu kwa pamoja lazima iwe 4,350. Ikipungua hata kidogo, simama hapa utafute. Hatua zote zinazofuata zinasimama juu ya namba hii, na kosa ukilibeba kwenda mbele litajificha ndani ya faida.

Kwa msingi wa fedha taslimu, kazi imekwisha. Jibu ni 1,850. Sasa tuone kama duka limepata faida ya 1,850.

## Hatua ya 2: Tafuta mauzo halisi ya mwezi

Kwa malimbikizo, mauzo hutokea bidhaa inapotoka dukani kwenda kwa mteja. Kwa hiyo mauzo ya Juni ni yaliyolipwa papo hapo, 7,400, na yale waliyochukua wateja kwa mkopo ndani ya Juni. Daftari la madeni linasema hayo ni 1,100. Jumla 8,500.

Zile 900 za madeni ya Mei haziingii. Bidhaa zilitoka Mei, na mauzo yake yalikuwa ya Mei. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, na huyazaa daftari lenyewe. Tazama mteja aliyechukua balbu 10 za bei 8:

> Tarehe 6: balbu 10, mkopo, 80.
> Tarehe 20: amelipa 80.

Mwenye duka anayeandika mistari yote miwili chini ya kichwa "Mauzo" ameuza balbu 20 kwenye karatasi na 10 kwenye rafu. Dawa yake ni safu mbili kwenye daftari la fedha, moja ya mauzo ya leo na nyingine ya madeni yaliyolipwa. Kila fedha inayoingia, muulize mteja au jiulize mwenyewe: bidhaa imetoka leo, au ilikwisha kutoka? Jibu ndilo linalochagua safu.

Arbuni ya 300 nayo haiingii kwenye mauzo. Mteja hajapewa chochote. Kufikia jioni ya tarehe 30 fedha hiyo ni deni lako kwake: ukishindwa kumletea bidhaa, utamrudishia. Julai atakapochukua mzigo, itahamia kwenye mauzo.

Utajua umefaulu: pima kwa njia ya pili. Wadaiwa walianza mwezi na 1,300. Wameongeza 1,100, wamelipa 900, kwa hiyo wamebaki na 1,500. Pitia kurasa za wateja mmoja mmoja ujumlishe masalio yao. Yakitofautiana na 1,500, kuna mtu amechukua bidhaa bila kuandikwa au amelipa bila kupunguziwa.

Unapopita kurasa hizo, utakutana na deni ambalo ndani ya moyo unajua halitalipwa. Kwa malimbikizo ulikwisha kulihesabu kama mauzo, kwa hiyo lazima ulitoe kwenye orodha ya wadaiwa na kuliandika gharama ya mwezi unaolikatia tamaa. Kwa fedha taslimu hakuna cha kuandika, maana hukuwahi kulihesabu kama mapato. Duka letu halina deni la namna hiyo Juni, ila nimeona orodha za wadaiwa ambazo robo yake ni watu waliokwisha kuhama. Faida iliyopigwa juu ya orodha kama hiyo haipo.

## Hatua ya 3: Tafuta manunuzi halisi ya mwezi

Manunuzi ya Juni ni bidhaa zilizopokelewa Juni. Zilizolipwa papo hapo ni 2,500. Zilizoletwa kwa mali kauli, ambazo bado hazijalipwa, ni 3,200. Jumla 5,700. Zile 1,600 alizolipwa muuzaji wa jumla zilikuwa za mzigo wa Mei, hivyo tunaziacha.

Angalia jinsi sura inavyoanza kubadilika. Daftari la fedha linaonyesha bidhaa zimegharimu 4,100 (2,500 na 1,600). Ukweli ni kwamba duka limepokea bidhaa za 5,700. Ile ziada nzuri ya 1,850 ina fedha za muuzaji wa jumla ndani yake.

Onyo kuhusu mpaka wa mwezi. Mzigo wa 400 unafika tarehe 30 alasiri, ankara inaletwa tarehe 3 Julai. Jioni ya tarehe 30 unahesabu rafu, na mzigo huo unauhesabu kwa sababu upo. Lakini kwenye orodha ya wanaokudai haupo, kwa sababu ankara haijafika. Matokeo yake umepata bidhaa za 400 bure kwenye karatasi, na faida imepanda kwa 400 kamili. Katika duka letu mzigo wa namna hii umo ndani ya zile 3,200. Kama ungesahauliwa, faida ya mwisho ingesomeka 1,020 badala ya 620.

Kanuni ni fupi: bidhaa na deni lake huingia pamoja au hukaa nje pamoja. Ndiyo maana nilitaka uwe na ankara za siku za mwanzo wa mwezi unaofuata. Zisome zote, uangalie tarehe ya kupokea mzigo, na tarehe ya ankara iache.

## Hatua ya 4: Hesabu stoku

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayobeba uzito kuliko zote. Kununua bidhaa si gharama ya mwezi. Umebadilisha fedha kuwa mali iliyo rafuni. Inakuwa gharama inapouzwa. Bila kuhesabu kilichobaki, huwezi kujua kilichouzwa kilikugharimu kiasi gani.

Hesabu baada ya kufunga duka, au kabla ya kufungua siku inayofuata. Wawe watu wawili: mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika. Anza pembe moja ya rafu, uende upande mmoja bila kurukaruka, na uweke alama kila rafu iliyokwisha. Usisahau ghala, chini ya kaunta na katoni ambazo hazijafunguliwa. Bidhaa ambazo mteja amekwisha kuzilipia ila hajazichukua zihesabu pia. Mauzo yake yataandikwa atakapozichukua, kama ilivyo kwa arbuni.

Kisha zipe thamani kwa bei ya kununulia. Hapa wengi hukosea kwa kuandika bei iliyobandikwa kwenye bidhaa. Chukua balbu zilezile. Mwezi huo duka lilileta 25 kwa bei ya 5, baadaye 30 kwa bei ya 6. Zimebaki 40. Tukichukulia kwamba za zamani ndizo hutangulia kutoka, zilizobaki ni 30 za mwisho na 10 za mwanzo:

```
30 x 6 = 180
10 x 5 =  50
Jumla  = 230
```

Ukitumia bei ya kuuzia, 8, utapata 320. Tofauti ya 90 itaonekana kama faida ya Juni, ilhali balbu hizo bado ziko rafuni na huenda nyingine zikavunjika. Fanya hivyo kwa bidhaa mia na utakuwa na faida ambayo haijamwona mteja hata mmoja.

Bidhaa iliyoharibika au iliyopitwa na wakati iandike kwa kiasi ambacho kweli utaipata ukiiuza, kama ni chini ya bei uliyonunulia. Kama haiuziki, andika sifuri.

Stoku ya duka letu ilikuwa 4,800 mwishoni mwa Mei, na ni 4,100 mwishoni mwa Juni. Kwa hiyo:

```
Stoku ya mwanzo                4,800
Jumlisha manunuzi              5,700
Toa stoku ya mwisho            4,100
Gharama ya bidhaa zilizouzwa   6,400
```

Mauzo 8,500 kutoa 6,400 yanaleta faida ghafi ya 2,100.

Utajua umefaulu: gawanya faida ghafi kwa mauzo. 2,100 kwa 8,500 ni karibu 25 katika kila 100. Linganisha na bei unazopanga: balbu ya 6 inayouzwa 8 inaacha 2 katika 8, yaani 25 katika 100. Zinakaribiana, hivyo hesabu inaaminika. Sehemu hii haibadilikibadiliki sana mwezi hadi mwezi kama bei zako ni zilezile. Ikishuka ghafla hadi 15, kuna mauzo hayakuandikwa, kuna rafu haikuhesabiwa, kuna bidhaa zimepotea, au wa nyumbani wamechukua vitu bila kuandika. Ikipanda ghafla, usifurahi mapema. Rudi hatua ya 3 utafute mzigo uliohesabiwa bila deni lake.

Bidhaa zinazokwenda nyumbani kwako zipunguze kwenye manunuzi kwa bei ya kununulia, na uziandike pamoja na fedha unazochukua. Daftari la fedha taslimu haliwezi kukuonyesha uvujaji huu hata siku moja, kwa kuwa hakuna fedha iliyopita. Hiyo peke yake inanitosha kuwashauri wenye maduka wahesabu stoku kila mwezi, hata wanaotaka kubaki na fedha taslimu.

## Hatua ya 5: Peleka kila gharama kwenye mwezi wake

Pitia malipo ya mwezi, na kwa kila moja uliza limenufaisha mwezi upi.

Kodi ya pango: imelipwa 1,800 kwa miezi 3. Juni inabeba 600. Zile 1,200 zilizobaki ni mali yako kwa sasa, kwa sababu umekwisha kununua haki ya kukaa Julai na Agosti. Miezi hiyo miwili utaandika 600 kila mmoja ingawa hutatoa fedha.

Umeme: zile 150 zilizolipwa ni za Mei. Umeme wa Juni umetumika lakini utalipwa Julai. Soma mita au tumia bili; hapa ni 180. Juni inabeba 180. Kama bili haijafika, kadiria kwa miezi iliyopita na urekebishe baadaye. Makadirio yaliyokosea kidogo ni bora kuliko mwezi usio na umeme kabisa.

Mshahara: 700 za Juni zimelipwa Juni. Hakuna cha kubadilisha.

Jumla ya gharama ni 1,480. Faida ghafi 2,100 kutoa 1,480 inabakiza faida halisi ya 620.

Ukinunua kitu cha kudumu kama rafu au mashine, kigawe kwa miezi utakayokitumia. Rafu ya 1,200 itakayodumu miaka 5, yaani miezi 60, inaingia kwenye gharama kwa 20 kila mwezi. Kwa fedha taslimu iliyo nyepesi kabisa, 1,200 zote zingetoka mwezi mmoja na kuufanya uonekane wa hasara.

## Hatua ya 6: Patanisha 1,850 na 620

Sasa una majibu mawili yanayopishana kwa 1,230. Usiyaache hivyo. Kila senti ya tofauti hiyo ina mahali ilipo, na kuitafuta ndiko kunakokufundisha duka lako.

| | |
|---|---|
| Ziada ya fedha | 1,850 |
| Wadaiwa wameongezeka kutoka 1,300 hadi 1,500 | + 200 |
| Arbuni ambayo bado ni deni | − 300 |
| Mali kauli imeongezeka kutoka 1,600 hadi 3,200 | − 1,600 |
| Stoku imepungua kutoka 4,800 hadi 4,100 | − 700 |
| Kodi iliyolipwa mapema | + 1,200 |
| Umeme unaodaiwa umeongezeka kutoka 150 hadi 180 | − 30 |
| Faida halisi | 620 |

Soma mistari miwili mizito zaidi kati ya ile ya kutoa. 1,600 zimebaki mkononi kwa sababu tu muuzaji wa jumla hajalipwa. 700 zimetokana na kuuza bidhaa bila kujaza rafu. Ingekuwa si kodi ya miezi 2 iliyolipwa mbele, pengo kati ya fedha na faida lingekuwa kubwa kuliko hili.

Mwenye duka aliyechukua 500 alikuwa salama, maana faida ni 620. Aliyesoma 1,850 akachukua 1,500 angekuwa ametumia fedha za muuzaji wa jumla na za mteja wa arbuni.

Malimbikizo nayo yasikudanganye. Faida ya 620 haimaanishi kuna 620 za kuchukua leo. Kwenye droo kuna 4,350, lakini toa 3,200 za mali kauli, 180 za umeme na 300 za arbuni, zinabaki 670. Kwa hizo unajaza rafu iliyopungua na kulipa mshahara wa Julai huku wadaiwa wakiwa hawajaleta. Duka linaweza kupata faida kila mwezi na bado likafungwa kwa kukosa fedha, ikiwa faida yote inakwenda kukaa kwa wadaiwa au kwenye bidhaa zisizotoka. Ndiyo maana daftari la fedha haliachwi hata baada ya kujua malimbikizo.

## Hatua ya 7: Piga hesabu ya mwisho ya ukaguzi

Orodhesha mali zote za duka na madeni yake, mwanzo na mwisho wa mwezi.

| | Mwanzo wa Juni | Mwisho wa Juni |
|---|---|---|
| Fedha | 3,000 | 4,350 |
| Wadaiwa | 1,300 | 1,500 |
| Stoku | 4,800 | 4,100 |
| Kodi iliyolipwa mapema | 0 | 1,200 |
| Toa mali kauli | 1,600 | 3,200 |
| Toa umeme unaodaiwa | 150 | 180 |
| Toa arbuni ya mteja | 0 | 300 |
| Mtaji uliobaki | 7,350 | 7,470 |

Mtaji umekua kwa 120. Faida 620 kutoa 500 alizochukua mwenye duka ni 120. Zimelingana, kwa hiyo hujasahau kitu katikati.

Zisipolingana, tazama kwanza ukubwa wa tofauti. Ikiwa sawa na namba fulani katika orodha zako, namba hiyo haikuandikwa. Ikiwa ni mara mbili ya namba fulani, imejumlishwa mahali pa kutolewa. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda umegeuza tarakimu, mfano 540 ukaandika 450.

Hesabu hii haikamati kila kitu. Mzigo uliohesabiwa rafuni bila deni lake utapita hapa salama, kwa sababu deni hilo limekosekana pande zote. Huo hukamatwa na ankara na ile sehemu ya faida ghafi, basi.

Nakili safu ya mwisho wa Juni juu ya ukurasa wa Julai. Ndiyo mwanzo wako.

## Ubaki na ipi?

Kama unauza na kununua kwa fedha mkononi, stoku yako haipandi wala kushuka sana, na unalipa kodi ya pango mwezi kwa mwezi, majibu mawili yatakaribiana. Fedha taslimu itakutosha kwa uamuzi wa kila siku. Jaribu hatua hizi kwa miezi mitatu uone pengo lenyewe. Likiwa dogo kila mwezi, endelea na njia nyepesi.

Ukishaanza kuchukua mali kauli, kukopesha wateja au kupokea arbuni, fanya malimbikizo kila mwezi. Kwa kodi ya mapato jambo ni lingine: sheria ya nchi yako ndiyo inayosema duka la ukubwa wako linaruhusiwa njia ipi, na kwa kawaida hairuhusiwi kurukaruka, mwaka huu hii na mwaka kesho ile. Ulizia kabla ya kujaza fomu, na njia uliyoijazia uiandike ndani ya jalada la daftari.

Unapohama kutoka fedha taslimu kwenda malimbikizo, siku ya kuhama ina mitego miwili. Stoku iliyo rafuni, ile uliyokwisha kuilipia, ulikwisha kuihesabu kama gharama siku ulipoilipia. Ukiiandika tena kama stoku ya mwanzo bila marekebisho, itakuwa gharama mara ya pili. Na wadaiwa wa 1,500 hawakuwahi kuwa mapato kwa njia ya zamani. Wakilipa baada ya kuhama, njia mpya itasema mauzo yao ni ya zamani, na 1,500 zitatumbukia katikati bila kuhesabiwa popote. Andika ukurasa mmoja wa marekebisho wenye tarehe ya kuhama, wadaiwa, wanaokudai, stoku, malipo ya mapema na arbuni, kila kimoja na kiasi chake. Mhasibu au mkaguzi wa kodi ataanza kwa kuomba ukurasa huo.